Mstaafu asiachwe na kadi ya watu wawili tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo moja linalowahusu watumishi wote wa umma, na hasa sisi walimu wa vijijini. Jambo lenyewe ni hali ya kadi ya bima ya afya siku mtumishi anapostaafu. Juu ya kiinua mgongo na pensheni watu wanasema sana, hata vilabuni na kwenye mabasi. Juu ya bima hawasemi, na nadhani sababu yake ni kwamba wengi wetu tunaamini moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoamini kuwa kadi hufa pamoja na mshahara. Wengine wanaamini kuwa inaendelea vile vile ilivyokuwa. Pande zote mbili zimekosea, na mimi nilikuwa upande wa pili mpaka mwaka 2024, alipostaafu mwalimu mkuu wangu.

Mzee huyu alinipokea nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa kijana nisiyejua hata kuandika andalio la somo la darasa la kwanza vizuri. Shule yetu iko kijijini, upande wa barabara iendayo Njombe kutoka Makambako. Alitimiza miaka 60 mwezi Juni mwaka huo, tukamfanyia sherehe, tukampa blanketi na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Katika hotuba zote tulizotoa siku ile hakuna mtu aliyetaja bima. Hata mimi niliyekuwa mshereheshaji sikuitaja.

Mwezi Septemba alimpeleka mama yake hospitali kuchukua dawa za shinikizo la damu na kisukari, kama alivyokuwa akifanya kila baada ya muda. Mama huyo ana miaka 80. Hospitali sitaitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Mimi nilikuwa nao, maana siku hiyo nilikuwa na safari ya mjini. Binti wa dirisha la bima aliitazama kadi, akaitazama tena mashine yake, akasema kwa adabu:

"Shikamoo babu. Kadi hii haikubali."

"Marahaba. Haikubali vipi, mwanangu? Mwezi wa tano ilikubali."

"Michango ya mwajiri imekoma, babu. Umestaafu?"

Mzee alijibu ndiyo. Binti akamwambia aende ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akabadilishiwe uanachama. Halafu akaongeza, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba hata akibadilishiwa, bibi hatakuwamo. Tulilipa fedha taslimu siku hiyo, kipimo na dawa za mwezi mmoja. Njiani kurudi mzee hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha mabasi.

Sasa nieleze sheria ilivyo, kwa jinsi tulivyokuja kuielewa baadaye. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, na watumishi wa serikali ndio walioanza nao. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa Sh. 1,400,000. Yeye hukatwa Sh. 42,000, serikali inaweka Sh. 42,000, na Mfuko unapokea Sh. 84,000 kila mwezi. Kwa mchango huo wanatibiwa watu sita: mtumishi, mke au mume wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi hao ni watoto walio chini ya umri unaokubaliwa, au wazazi wake, au wakwe zake. Wajukuu hawamo, na bibi wa mtumishi hayumo, hata kama ndiye aliyemlea.

Anapostaafu, mchango unakoma. Hakatwi kitu katika pensheni yake kwa ajili ya matibabu, na hapa lazima nikiri kuwa taifa letu limewatendea wazee haki, kwa sababu yeye na mwenzi wake wanaendelea kutibiwa bila kulipa mchango mwingine. Lakini ni hao wawili tu. Wale wanne wengine wanatoka. Hawatoki kidogo kidogo kadiri watoto wanavyokua. Wanatoka wote pamoja, kwa sababu moja tu kwamba baba au mama yao amefikia siku yake ya kuzaliwa.

Mwalimu mkuu wangu alikuwa na nafasi zake zote zimejaa. Alikuwapo yeye, mkewe, mama yake, kijana aliyekuwa chuoni, binti aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na kitinda mimba aliyekuwa darasa la sita. Msomaji anaweza kushangaa mtu wa miaka 60 ana mtoto wa darasa la sita. Aje vijijini kwetu atazame. Na walimu watakaostaafu miaka ijayo, wengi waliosoma kwanza, wakajenga, wakaoa wakiwa na miaka thelathini na kitu, watakuwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimepiga hesabu: siku nitakapofikisha miaka 60, mwanangu wa mwisho atakuwa sekondari.

Tulikwenda ofisi ya Mfuko mjini Njombe wiki iliyofuata. Kijana aliyetupokea alieleza vizuri na bila haraka. Mstaafu anajaza fomu upya na kurudisha kadi zote za zamani, pamoja na zile za wategemezi. Anapeleka barua ya kustaafu kutoka kwa mwajiri, hati ya mshahara ya mwisho, kitambulisho cha taifa, picha, na cheti cha ndoa kwa ajili ya mwenzi wake. Ofisi nayo inatazama kumbukumbu za michango yake. Kwa mzee wetu hapakuwa na shaka, maana alikuwa akikatwa tangu Mfuko ulipoanza, miaka 23 kamili.

Tulipokwama ni kwenye cheti cha ndoa. Mke wake kwenye kadi ya zamani aliandikwa kwa jina la mumewe. Kwenye kitambulisho cha taifa ameandikwa jina la ukoo wa baba yake. Kwenye cheti cha ndoa cha kanisani jina lake la ubatizo limeandikwa kwa herufi za kizamani, pungufu ya herufi moja. Kwa mtu anayewafahamu ni mama yule yule aliyetupikia makande kila kikao cha shule. Kwa karatasi ni wanawake watatu. Ikabidi kwenda kuapa mahakamani kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, kisha kurudi Njombe mara ya pili. Nauli, kiapo, nakala na picha, na siku mbili za palizi zimekwenda. Kosa hilo lingeweza kurekebishwa kwa utulivu akiwa bado kazini, kadi ikiwa inafanya kazi.

Nawashauri walimu wenzangu walio na miaka 55 na kuendelea, kwa kuwa wanaweza hata kustaafu kwa hiari, watandike karatasi zao mezani leo usiku. Watazame jina la mwenzi kwenye cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa na kadi ya bima. Waliooana kimila na hawana cheti ndio wana kazi kubwa zaidi, nao waulize mapema ni uthibitisho gani utakaokubaliwa. Nimeandika jambo hili kwa kirefu kuliko yote kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu wenyewe.

Baada ya hapo likabaki suala la bibi na watoto watatu.

Mzee ana mdogo wake, dereva wa halmashauri, anakaa Makambako. Yeye bado ni mtumishi na bado anakatwa. Kwa kuwa bibi ni mama yake wa kumzaa, anaweza kumwandikisha katika kadi yake. Kikao cha familia kilifanyika nyumbani kwake Jumapili moja mchana, nami nikaalikwa kama katibu. Ikaonekana kuwa dereva ana mke, watoto wawili na mama mkwe kwenye kadi. Wategemezi ni watatu, nafasi imebaki moja. Lakini mkewe alikuwa mjamzito wa miezi saba.

"Kaka," alisema, "mama ni wangu kama alivyo wako. Sikatai. Lakini nikimweka mama, mtoto atakayezaliwa nitamweka wapi?"

Kaka yake alikaa kimya. Hakuwa na jibu, na nadhani alikuwa anaona aibu kuomba, yeye ambaye ndiye aliyemsomesha huyo mdogo wake. Shemeji yetu alikuwa jikoni, tena alisikia yote.

Tulikaa kama saa mbili. Kilichotutoa pale ni muuguzi mstaafu, jirani yao, aliyeitwa aje atusaidie. Alituuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: katika hawa wawili, nani anayeweza kutibiwa bila kadi? Akaeleza kwamba kwa utaratibu wa msamaha katika vituo vya serikali, mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipa, na chanjo ni bure. Kwa hiyo mtoto mchanga ana pa kukimbilia katika miaka yake ya mwanzo. Bibi naye ana msamaha wake, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Lakini msamaha huo unakufikisha kwa daktari wa serikali, haukuhakikishii kuwa dawa ipo. Dawa za kisukari na shinikizo zinatakiwa kila siku, na siku zinapokosekana dirishani, mwenye msamaha anaambiwa akanunue. Mwenye kadi anaweza kwenda kwenye duka la dawa au hospitali ya dini iliyosajiliwa na Mfuko. Tena, alisema, msamaha wa wazee unahitaji mtu athibitishwe kuwa hajiwezi, na mama wa mwalimu mkuu mwenye nyumba ya bati atauthibitishaje?

Basi ikakubaliwa bibi aingie kwenye kadi ya dereva, na mtoto atumie msamaha wa walio chini ya miaka mitano. Katika miaka hiyo huenda nafasi nyingine ikapatikana. Ni hesabu ngumu kusemwa mbele ya watu, maana kila mtu pale alijua nafasi hiyo itapatikana kwa njia gani.

Kijana wa chuoni hakuwa na tatizo kubwa. Wanachuo walikuwa wakiandikishwa kupitia chuo kwa Sh. 50,400 kwa mwaka, naye akafanya hivyo. Ugumu ulikuwa kwa wale wawili wa sekondari na msingi. Zamani kidogo mzazi angeweza kumkatia mtoto mmoja mmoja bima ya Toto Afya Kadi, iliyoanza mwaka 2016 kwa kiwango hicho hicho cha Sh. 50,400, lakini mwaka 2023 uandikishaji wa namna hiyo ulisitishwa ukaelekezwa kwenye makundi kama ya shule. Shule za watoto hawa hazikuwa zimejiunga. Mzee akawaingiza kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao mwaka ule kaya ya watu sita mikoani ililipia Sh. 30,000. Huo ulitosha kuanzia zahanati ya kijiji mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Ugonjwa wa kupelekwa Mbeya haukuwamo. Mungu amesaidia, hawajaugua ugonjwa wa kupelekwa Mbeya.

Ndugu Mhariri, sasa nitoe maoni yangu.

Kwanza, mwajiri anajua tarehe ya kustaafu ya kila mtumishi tangu siku anapomwajiri. Tarehe ya kuzaliwa imo kwenye jalada. Kwa upande wa pensheni mambo yamepiga hatua: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma huendesha semina kwa wastaafu watarajiwa, na fomu zake hujazwa mapema. Kwa nini fomu ya bima isiwekwe katika bahasha ile ile? Mzee wetu alijaza karatasi nyingi kabla ya Juni, na hakuna hata moja iliyomwambia kuwa mama yake atatolewa. Angeambiwa mwezi Januari, mdogo wake angemwandikisha bibi kwa muda wake, na bibi asingekosa kadi hata siku moja. Miezi ile kati ya mshahara wa mwisho na kadi mpya ndiyo hatari kubwa, kwa sababu mtu anatembea na kadi mfukoni akidhani anayo bima.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, naomba wahusika wafikirie kumruhusu mstaafu kuchangia kwa hiari kutoka katika pensheni yake ili abaki na mtegemezi mmoja au wawili. Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kuwa wazee ndio wanaougua zaidi na hawachangii chochote, kwa hiyo Mfuko tayari unabeba mzigo wao kwa michango ya vijana kama mimi, na kuongeza wategemezi ni kuuvunja. Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Nami sitaki mshahara wangu ukatwe zaidi. Lakini sikuomba apewe bure. Tuseme mstaafu anapata pensheni ya Sh. 500,000 kwa mwezi. Asilimia 3 ya hiyo ni Sh. 15,000, yaani Sh. 180,000 kwa mwaka. Watoto wawili wa Toto Afya Kadi walikuwa wakilipiwa Sh. 100,800. Kwa watoto, basi, Mfuko ungepokea zaidi ya ulivyokuwa ukipokea. Kwa mzazi mwenye miaka 80 hesabu ni tofauti, na kiwango chake kinaweza kupangwa juu zaidi na wataalamu wa mahesabu. Mwalimu mkuu wangu aliniambia angekubali kukatwa hata mara mbili ya hizo kuliko kwenda kumwomba mdogo wake mbele ya mke mjamzito.

Wapo watakaosema kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba mwaka 2023, hivyo watoto wa mstaafu wataingia humo kama wananchi wengine. Ni sawa, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini sheria hiyo nayo inahesabu kwa kaya, na kaya ya mstaafu itakuwa imekatwa vipande viwili: wazazi huku kwa kadi ya wastaafu, watoto kule kwa mchango mwingine. Nani atakuwa mkuu wa kaya ya watoto wa darasa la sita? Napenda wahusika watujibu hilo kupitia ukurasa huu huu, wala wasisubiri mpaka wastaafu waanze kuuliza madirishani.

Jambo la mwisho ni la sisi wenyewe shuleni. Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu mkuu mpya anipe orodha ya walimu wa kata yetu watakaostaafu katika miaka mitatu ijayo. Wako wanne. Nimewatembelea wawili kwa baiskeli. Mmoja ana mama mkwe na watoto watatu kwenye kadi, na hakujua lolote katika haya niliyoandika. Wa pili ni mama mwalimu mjane, ambaye hana mwenzi wa kubaki naye kwenye kadi. Ana baba yake mzee na mjukuu yatima anayemlea, ambaye hakuwahi kukubaliwa kama mtegemezi kwa kuwa hajamuasili kisheria. Kwake kadi ya wastaafu itakuwa ya mtu mmoja. Aliniuliza kama inawezekana nafasi ile ya mume, ambayo hakuna anayeitumia, apewe baba yake. Nilimjibu kuwa kwa utaratibu ulivyo haiwezekani, lakini kwamba nitaliuliza gazetini. Basi ndiyo nauliza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makambako, Njombe.